Wima, Mlalo na Mkunjo wa Katikati

Albamu za harusi za miaka ya tisini, zile za mifuko ya nailoni, zilikuwa na mchezo wake. Ukifungua ukurasa wa kwanza, watu wamesimama. Wa pili, wamelala ubavu, kwa hiyo mwenye albamu anaigeuza. Wa tatu wamesimama tena, inarudishwa. Aliyekaa upande wa pili wa kochi anapinda shingo mpaka anachoka na kuulizia soda. Mifuko yote ilikuwa imelala, sentimita 15 kwa 10, saizi ya postikadi, ilhali picha nyingi za harusi hupigwa kwa wima.

Chanzo cha usumbufu ule ni umbo la filamu. Leica, kamera iliyoingia sokoni mwaka 1925, ilitumia filamu ya sinema ya milimita 35 na kuipa kila picha fremu ya milimita 24 kwa 36. Upande mmoja ni mara moja na nusu ya mwingine, na kamera nyingi za kidijitali wanazobeba wapigapicha wa harusi zimerithi uwiano huo huo wa 3 kwa 2. Rolleiflex, iliyotoka mwaka 1929, ilitoa picha ya mraba, na mraba hauna wima wala mlalo. Fremu ndefu ndiyo iliyoleta uamuzi: ukiishika kamera kawaida unapata mlalo, ukiigeuza unapata wima, na huko mbele kuna mtu atakayelazimika kuzipatanisha.

Siku hizi mtu huyo ni fundi wa albamu. Anapanga picha kwenye kompyuta, maabara inachapa kurasa nzima nzima, na hakuna anayegeuza albamu tena. Picha ya wima na ya mlalo, hata hivyo, bado hazilingani, na sasa zinatakiwa kukaa pamoja kwenye kurasa mbili zinazotazamana, ambazo hapa nitaziita jozi. Katikati ya jozi kuna mkunjo, pale kurasa zinapokutana kwenye mgongo wa albamu. Kati ya picha na picha kuna mwanya. Kuzunguka zote kuna pambizo. Nimeona albamu za picha nzuri sana zilizoharibiwa na vitu hivi vitatu, na maelezo ya picha yaliyotupwa popote palipobaki wazi.

Badala ya kupita juu juu ya albamu nzima, tujenge jozi moja. Naichukua nikaha ya pwani, ya Mombasa au Unguja, kwa sababu inaleta shida hii waziwazi kuliko sherehe nyingine ninayoijua: mambo mawili makubwa yanatokea mahali pawili kwa saa moja. Msikitini, bwana harusi amekaa chini na kanzu yake na joho, ameshikana mkono wa kulia na walii wa bi harusi, sheikh amewakaribia, na wazee wamepanga mstari kulia na kushoto. Hiyo ni picha ya mlalo, haina namna nyingine. Nyumbani, bi harusi amekaa na hina yake mikononi anasubiri kuja kupewa mkono. Hiyo inaita wima. Mtu mmoja hawezi kuwa mahali pote pawili, ndiyo maana huko aghalabu kuna mpigapicha wa kiume msikitini na wa kike nyumbani, na matukio hayo mawili yanakutana kwa mara ya kwanza kwenye albamu.

Kabla ya vipimo kuna swali linalopaswa kuulizwa mapema: nani atafungua albamu hii? Picha za bi harusi akiwa amefunuliwa kichwa, au za usiku wa wanawake, kwa familia nyingi za pwani si za kutazamwa na kila mgeni. Ukiiweka picha kama hiyo mkabala na ya msikitini, basi umeifungia ndani na ya msikitini pia, kwa kuwa wajomba na masheikh walioko kwenye picha ile hawataweza kuonyeshwa jozi hiyo. Familia zinazojali jambo hili hutengeneza albamu mbili. Kwa jozi yetu, tuchague picha ambayo kila mtu anaweza kuiona: mikono ya bi harusi kwa karibu, hina na piko zimekolea, bangili kifundoni, vidole vimeelekea kulia.

Sasa albamu yenyewe. Tuseme ni ya mraba, sentimita 30 kwa 30 ikiwa imefungwa, kwa hiyo ikifunguliwa jozi ni 60 kwa 30. Na tuseme ni ya kurasa ngumu: karatasi ya picha imebandikwa juu ya ubao mwembamba, na kila jozi inafunguka ikalala bapa kabisa mezani. Aina hii ya ujalidi ndiyo inayoruhusu picha kuvuka katikati, kwa sababu mkunjo unabaki mstari mwembamba tu. Kitabu cha kurasa laini kilichoshikwa kwa gundi mgongoni kina tabia tofauti kabisa, na nitakirudia baadaye.

Njia iliyo salama zaidi ya kuketisha wima na mlalo pamoja ni kuzipa kimo kimoja. Juu zianzie mstari mmoja, chini ziishie mstari mmoja, na mwanya mmoja kati yake. Jicho likiona kingo mbili zilizonyooka juu na chini, linazikubali picha mbili kuwa kitu kimoja, hata kama moja ni ya msikitini na nyingine ya chumbani. Kimo hicho hakikisiwi, kinapigiwa hesabu. Picha ya wima yenye uwiano wa 2 kwa 3 ina upana wa theluthi mbili za kimo chake. Ya mlalo ina upana wa kimo kimoja na nusu. Jumlisha, unapata kimo mara 13 gawanya kwa 6. Kwa hiyo ukichukua upana ulio nao, ukatoa mwanya, ukazidisha kwa 6 na kugawanya kwa 13, unapata kimo.

Tuweke pambizo la sentimita 2 kila upande. Upana uliobaki ni 56. Toa mwanya wa milimita 6, inabaki 55.4. Zidisha kwa 6, gawanya kwa 13: kimo ni sentimita 25 na nusu hivi. Mikono ya bi harusi inakuwa na upana wa 17, msikiti unakuwa na upana wa 38 na robo. Ukurasa una kimo cha 30, kwa hiyo zinabaki sentimita 4 na nusu za kugawa juu na chini: 2 juu, sawa na pambizo za pembeni, na 2 na nusu chini, ambako maelezo yatakaa. Napenda hesabu hii kwa sababu albamu ya mraba inaipokea kama vile iliumbwa kwa ajili yake. Hukati kitu kwenye picha yoyote na jozi inajaa.

Lakini angalia mkunjo uko wapi. Picha ya wima kushoto imechukua nafasi mpaka sentimita ya 19, mwanya umepita, na picha ya msikiti imeanzia karibu na ya 20. Mkunjo uko kwenye sentimita ya 30. Maana yake unapita ndani ya picha ya msikiti, kiasi cha sentimita 10 kutoka ukingo wake wa kushoto, robo ya picha na kidogo. Habari njema ni kwamba haupiti katikati. Bwana harusi, walii na sheikh, ambao mpigapicha yeyote huwaweka katikati, wako karibu sentimita 9 upande wa kulia wa mkunjo, salama. Ndiyo faida kubwa ya kuiweka picha ya wima pembeni yake: inaisukuma ya mlalo hadi katikati yake isikutane na katikati ya albamu.

Linganisha na kosa ambalo fundi asiye makini hulifanya kila wiki. Anachukua picha ya ukoo mzima, watu 20 wamesimama, maharusi katikati, na kuitandaza jozi nzima kutoka ukingo hadi ukingo. Mkunjo unashuka sawasawa katikati, na katikati kuna maharusi. Ukiwa na bahati, unapita kati ya mabega yao na kuwatenganisha. Ukikosa bahati, bi harusi alikuwa amesogea kidogo, na mstari unashukia puani. Juu ya hapo, picha ya 3 kwa 2 ikitandazwa kwenye jozi ya 2 kwa 1 lazima ipunguzwe robo ya kimo chake, kwa hiyo miguu ya mstari wa mbele inaondoka pia, na pengine na kilemba cha babu.

Turudi msikitini. Kuvuka kwa mkunjo kwenye robo ya picha si kosa, mradi ujue kuna nani pale. Wazee wamekaa kwa mstari, na huenda mstari unaangukia uso wa mmoja wao. Kanuni ninayoifuata ni sentimita 1 na nusu kila upande wa mkunjo: ndani ya ukanda huo kusiwe na jicho, mkono unaofanya jambo, wala herufi. Bega, mkeka, nguzo na ukuta havina neno. Kama uso uko ndani ya ukanda, kuna njia mbili. Ya kwanza ni kubadilishana pande, wima iende kulia na mlalo kushoto. Mkunjo nao utahamia robo ya upande wa kulia wa msikiti, ambako labda kuna nafasi kati ya watu wawili. Ya pili ni kupunguza picha kidogo upande wa kushoto. Ukikata sentimita 2 na kurudisha vyote katikati ya jozi, mkunjo unasogea sentimita 1 ndani ya picha na pambizo za pembeni zinafika 3. Kwa uso ulio mdogo kiasi hicho, sentimita 1 mara nyingi inatosha kuutoa mstari puani na kuupeleka begani.

Njia ya tatu, ambayo nimeiona ikitumika, ni kuigeuza picha kama kwenye kioo ili upande wenye nafasi uje kwenye mkunjo. Usifanye. Maandishi ya Kiarabu juu ya mihrabu yatasomeka kinyume, na waume wawili waliopeana mkono wa kulia watakuwa wamepeana wa kushoto. Hakuna mzee wa pwani atakayeipita picha hiyo bila kuuliza.

Kubadilishana pande nako kuna masharti yake. Vidole vya bi harusi vimeelekea kulia. Picha yake ikiwa kushoto, vinaelekea msikitini, na anayetazama anapelekwa kule kule mambo yanakotokea. Ukiihamishia kulia, vidole vinaelekea nje ya albamu. Ni vivyo hivyo kwa mtu anayetazama upande: uso uangalie ndani, kuelekea picha ya pili, usiangalie ukingo. Kwa hiyo wakati wa kuchagua picha ya wima ni vizuri kuwa nayo ya akiba inayoelekea upande wa pili. Wapigapicha wazoefu hupiga mikono ile pande zote mbili bila kuambiwa.

Mwanya wenyewe, ule wa milimita 6, una sheria chache tu. Uwe mwembamba kuliko pambizo, la sivyo picha zitaonekana zinakimbiana. Uwe uleule albamu nzima. Ukiweka 6 hapa, 4 pale na 9 ukurasa wa mbele, msomaji hatajua kilichobadilika ila atahisi mambo hayajatulia. Na usiwe wa milimita 1. Mwanya wa milimita 1 unaonekana kama picha zilitakiwa kugusana zikashindwa. Kama unataka zigusane, zigusanishe.

Mahali pabaya pa kuweka mwanya ni juu ya mkunjo wenyewe. Inavutia, kwa sababu inaonekana nadhifu kwenye skrini: wima ukurasa wa kushoto, mlalo wa kulia, milimita 3 hapa na 3 pale. Albamu ikirudi kutoka maabara, mkunjo umesogea milimita 1 au 2, kama unavyosogea mara nyingi, na sasa kuna 1 upande mmoja na 5 upande wa pili. Mkunjo ukiwa ndio mpaka wa picha, kila upande unahitaji pambizo kamili. Vinginevyo picha ivuke kwa ujasiri, kama tulivyofanya na msikiti.

Kingo za nje nazo zinakatwa kwa mashine, na mashine haikati palepale kila mara. Ndiyo maana maabara huomba ziada ya milimita 3 kila upande kwa picha inayofika ukingoni. Sababu hiyohiyo inafanya fremu nyembamba nyeupe ya milimita 4 kuzunguka jozi kuwa hatari: ikikatwa vibaya kwa milimita 2, upande mmoja una 2 na mwingine 6, na hata mtoto ataona. Pambizo la sentimita 2 likikosewa kiasi hicho, hakuna atakayejua. Pambizo na liwe pana, au lisiwepo kabisa.

Kuna jambo jingine ambalo kimo sawa hakilitatui, nalo ni rangi. Msikiti una taa za tyubu zinazovuta kijani, chumba cha bi harusi kina balbu ya manjano. Picha mbili hizo zikikaa mbalimbali, hakuna anayelalamika. Zikikaa bega kwa bega, kanzu za msikitini zinaonekana zimefuliwa kwa rangi. Kinachosaidia ni kutafuta kitu cheupe katika kila picha, kanzu huku na ukuta au shuka kule, na kuzirekebisha mpaka weupe ufanane. Rangi ya hina iachwe ilivyo. Ukiifukuza manjano yote, wekundu wake unafifia, na alaa, hina ndiyo picha yenyewe.

Ukubwa wa faili unaingia hapa pia. Jozi ya 60 kwa 30 kwa nukta 300 kwa inchi ni karibu pikseli 7,090 kwa 3,540. Kamera ya megapikseli 24 ina pikseli 6,000 kwa 4,000, kwa hiyo msikiti wa upana wa sentimita 38 hauna shida. Shida ni pale picha pekee ya mikono ilipigwa na binamu kwa simu, ikatumwa kwa WhatsApp. Kwa kutuma kwa kawaida, picha hushushwa hadi pikseli 1,600 hivi kwa upande mrefu, na hizo kwa nukta 300 zinatosha sentimita 13 na nusu. Sisi tunaihitaji kwa 25 na nusu. Mwombeni binamu faili la asili kabla hajabadilisha simu. Pia simu nyingi hutoa picha za 4 kwa 3, fupi kidogo kuliko za kamera, kwa hiyo hesabu ya 13 na 6 haitatoka sawasawa mpaka uipunguze upana kidogo.

Sasa maelezo. Tumeyaachia sentimita 2 na nusu chini. Mstari mmoja wa herufi za pointi 9 unachukua milimita chache. Uanzie milimita 4 chini ya picha, karibu na picha kuliko ukingo wa ukurasa, ili usionekane umeanguka. Kushoto uanzie sawasawa na ukingo wa picha. Hilo la mwisho ni dogo lakini linafanya kazi kubwa: maandishi yaliyowekwa katikati chini ya picha ya wima, na mengine katikati chini ya picha ya mlalo, yanazalisha mistari miwili mipya ambayo hailingani na chochote kwenye jozi.

Picha ya wima haina tatizo, ina sentimita 17 za nafasi kwenye ukurasa wake. Ya msikiti ina tatizo. Maelezo yake yakianzia ukingo wake wa kushoto, yana sentimita 10 tu kabla ya mkunjo, na ukiacha ukanda wa usalama yanabaki 8 na nusu. Sentensi yenye majina mawili haiingii, na neno likivuka mkunjo linakatika vipande viwili. Wengine huyahamishia ukurasa wa kulia, baada ya mkunjo. Inakubalika, ingawa maelezo yanaonekana yanaanza katikati ya picha bila sababu. Mimi huyaweka yote pamoja chini ya picha ya wima, mistari miwili, na kumwambia msomaji kipi ni kipi:

Juu: Hina ya bi harusi, nyumbani kwa bibi yake mzaa mama.
Kulia: Saa hiyo hiyo msikitini, baba yake ampa mkono mkwewe. Kushoto kwa baba ni ami yake bi harusi.

Hapo chini ya msikiti panabaki peupe, na weupe huo hauna ubaya.

Fundi wengi wataona ni rahisi zaidi kuyaandika juu ya picha yenyewe. Kwenye harusi ya pwani hiyo ni kujitafutia taabu. Herufi nyeupe zinapotelea kwenye kanzu, nyeusi zinapotelea kwenye buibui, na mkeka wa msikiti umejaa nakshi. Kisha wanaongeza kivuli nyuma ya herufi ili zisomeke, halafu kisanduku, na mwishowe picha inafanana na tangazo la tamasha.

Kuhusu maneno yenyewe, mistari ya mapenzi yenye mioyo na maua inaweza kubandikwa kwenye albamu ya mtu yeyote. Kinachofaa ni kile ambacho picha haiwezi kusema: huyu ni nani kwa bi harusi, hapa ni wapi, ilikuwa baada ya sala gani. Tarehe haihitaji kurudiwa kila jozi. Iandikwe mara moja mwanzoni, ya Hijria na ya Miladia kama familia inazitumia zote mbili. Majina yapangwe kutoka kushoto kwenda kulia, na yakaguliwe na mtu wa upande wa bwana harusi na mtu wa upande wa bi harusi, maana kila upande unajua wajomba zake tu.

Niliahidi kurudi kwenye kitabu cha gundi, ambacho ni nafuu na ndicho wengi watakachochapa. Kurasa zake hazilali bapa. Zinainama kuelekea mgongoni, na kadiri kitabu kinavyokuwa kinene ndivyo zinavyomeza zaidi, hata sentimita nzima kila upande. Kujua ni kiasi gani, omba sampuli yenye kurasa nyingi kama za kwako, ifungue katikati bila kuilazimisha, na uone kwa rula sehemu gani ya ukurasa inapotea. Hapo msikiti wetu hauwezi kuvuka. Mzee aliyekuwa salama pembeni ya mkunjo atamezwa nusu.

Kwa kitabu hicho ninavunja kimo sawa. Pambizo linakuwa sentimita 2 na nusu pande zote, na ukingo wa ndani ukihitaji zaidi, unapewa. Mikono ya bi harusi inabaki kushoto, karibu 17 kwa 25, imesogezwa upande wa mkunjo. Msikiti unakuja kulia, 25 kwa 17 hivi. Ni picha zenye saizi moja, moja imesimama na moja imelala. Sehemu za juu zinaanzia mstari mmoja. Chini ya msikiti kunabaki zaidi ya sentimita 8 wazi, na maelezo yote ya jozi yanakaa hapo, yameanzia sawa na ukingo wa kushoto wa picha, mistari minne au mitano mifupi. Ukizipanga kwa chini badala ya juu, nafasi hiyo inakuwa juu ya msikiti, na maelezo yaliyo juu ya picha watu huyasoma kama kichwa cha habari. Msikiti umepungua kutoka upana wa 38 hadi 25, na hiyo ndiyo gharama ya gundi.

Kwa aina zote mbili, kuna jaribio ambalo halina gharama kubwa. Jozi ya 60 kwa 30 ukiipunguza hadi asilimia 70 inakuwa 42 kwa 21, na 42 ndio urefu wa karatasi ya A3. Ichape kwenye duka lolote la fotokopi lenye mashine ya rangi, kata weupe wa ziada, ikunje katikati, ishike kama albamu. Utaona mara moja mkunjo umeangukia kwa nani. Maelezo ya pointi 9 yatakuwa yamepungua hadi 6 na kidogo. Kama mama wa bi harusi anayasoma hivyo kwa miwani yake ya kawaida, basi kwenye albamu yatasomeka.

Jaribio hilo lifanyike kabla familia haijaanza kuongeza picha, maana wataongeza. Daima kuna shangazi aliyesahaulika. Kwenye albamu ya kurasa ngumu, anapewa jozi yake na mambo yanaendelea. Kwenye kitabu cha gundi, ambako ukurasa wa kwanza huwa wa kulia na jozi zinaanzia ukurasa wa 2 na wa 3, kuingiza ukurasa mmoja katikati kunasukuma zote zinazofuata: wa kushoto unakwenda kulia, wa kulia unapinduka nyuma ya karatasi. Mikono ya bi harusi inajikuta mkabala na shangazi, na msikiti uko ukurasa wa nyuma, huku maelezo yakisema “saa hiyo hiyo” kuhusu picha ambayo haionekani. Shangazi aingie na ukurasa wa pili wa kumsindikiza, au asubiri nafasi mwishoni.